Barua ya wazi kwa vijana wa takwimu: chukueni logi kwanza

Wanangu,

Juzi nilikaa nyuma ya chumba mkiwasilisha kazi yenu, nikatoka nimekereka. Mlikuwa na kiasi kisichoweza kamwe kushuka chini ya sifuri. Mkakitafutia wastani, mkatoa mikengeuko sanifu miwili, na mpaka wenu wa chini ukaangukia kwenye hasi. Mlisoma namba hiyo kwa sauti, mkaendelea na ukurasa unaofuata. Hakuna aliyeuliza hasi imetoka wapi.

Imetoka hapa: kiasi kile hakikukua kwa kujumlishwa, kilikua kwa kuzidishwa. Kila hatua ilikipandisha au kukishusha kwa uwiano fulani, na hatua zilikuwa nyingi. Nadharia ya kikomo cha kati, mnayoikariri tangu mwaka wa kwanza, inahusu jumla. Inasema kwamba ukijumlisha vitu vingi vya kinasibu visivyotegemeana, vyenye mtawanyiko wenye kikomo, na kimoja kisiwameze wenzake, jumla hiyo hukaribia umbo la kengele. Kuhusu zao la kuzidisha, haisemi neno mpaka uchukue logi. Logi ya zao ni jumla ya logi, na hapo nadharia inapata mahali pa kushika. Logi ikishakuwa na umbo la kengele, kiasi chenyewe tunakiita lognomali. Donald McAlister aliliandika jambo hili mwaka 1879, baada ya Francis Galton kumpa swali, kwa hiyo si habari mpya.

Shikeni kalamu tufanye mfano mmoja. Anza na 1. Kila hatua, kwa uwezekano sawa, zidisha kwa 1.5 au kwa 0.6. Wastani wa kizidishi ni 1.05, kwa hiyo baada ya hatua 100 wastani wa zao ni 1.05 kipeo cha 100, karibu 131. Najua mngeandika 131 kwenye muhtasari na kwenda nyumbani.

Sasa chukueni logi asilia. Vizidishi vinakuwa 0.405 na −0.511. Wastani wake ni −0.053, na mkengeuko sanifu ni 0.458. Kwa hatua 100, wastani unazidishwa kwa 100 na mkengeuko kwa 10, kwa hiyo kengele ya logi ina kitovu −5.27 na mkengeuko 4.58. Rudisheni kitovu hicho kutoka kwenye logi, mtapata 0.005. Hiyo ndiyo mediani: nusu ya safari zote za hatua 100 huishia hapo au chini yake. Zinazomaliza juu ya 1 ni kama 14 katika kila 100. Yaani kiasi chenye wastani wa 131 humpotezea karibu kila mtu alichoanza nacho, na ninyi mngemwambia atarajie 131.

Wastani huo umebebwa na nani? Na safari adimu zenye hatua za kupanda kama 71 kati ya 100. Kupata hatua za kupanda 71 au zaidi hutokea chini ya mara 2 katika 100,000. Ndiyo maana mkiiga safari 10,000 kwenye kompyuta, wastani mtakaopata kwa kawaida utakuwa chini sana ya 131, nanyi mtaanza kutafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Na hapa mwe waangalifu, maana hata mimi ilinichukua miaka kulielewa. Ukikokotoa wastani wa lognomali yenye kitovu na mkengeuko ule, unapata 186, si 131. Nadharia inaahidi umbo la sehemu ya kati ya logi. Mkia wa mbali haiuahidi, na kurudi kutoka kwenye logi huukuza mkia huo kupita kiasi. Kwa mediani na uwezekano wa matokeo ya kawaida, lognomali itawatumikia vizuri. Wastani utafuteni kwenye vizidishi vyenyewe.

Siwalaumu peke yenu. Sisi wakubwa tuliwafundisha kukokotoa wastani kabla ya kuwauliza namba zimezaliwaje, tukawapa maksi kwa hilo.

Mengine ni mafupi. Kizidishi kinachoweza kuwa sifuri hakina logi, na kikitokea mara moja zao lote limekufa. Vizidishi vinavyofuatana kwa kutegemeana hubadilisha mkengeuko. Hatua tano au sita hazitoshi ikiwa logi zake zimeegemea upande mmoja.

Kazi ile irudieni. Choreni kwanza logi za matokeo yenu. Zikikaa kwa ulinganifu pande zote mbili za kitovu, mipaka yenu iwekeni huko kwenye logi, kisha mrudi: juu mtakuwa mnazidisha mediani, chini mtakuwa mnaigawa kwa namba ileile, na mpaka wa chini hautafika sifuri. Leteni mchoro huo wiki ijayo, nitakaa mbele.

Mzee wenu