Barua kwa mwanangu: yule mbwa wa mtaani kwetu, na hizo sindano

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Naandika kwa mkono, kakako ataipiga picha akutumie, maana kwenye simu vidole vyangu vinagongana, na nikikupigia unasema uko darasani. Mamako hajambo. Goti ni lile lile.

Kurasa zako za hadithi ya yule mbwa wa mtaani kwetu nimezisoma mara mbili. Lakini kwanza ule mstari uliouchomeka mwisho wa ujumbe, kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "halafu juzi mbwa mmoja aliniuma kidogo mguuni, nimeshachomwa." Kidogo ni kiasi gani? Ngozi ilichanika au haikuchanika? Na umechomwa mara ngapi? Sindano za kichaa cha mbwa si moja. Siku ya kwanza huhesabiwa sifuri, kisha ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kama ulianza jana Jumatano, basi ya pili ni Jumamosi hii, kabla hujapanda basi la Kampala, na ya tatu itakukuta huko huko Jumatano. Uliza leo utachomewa wapi. Usingoje ufike.

Sasa hadithi. Umeandika vizuri, sikufichi. Nilimsomea mamako pale pa muuza samaki akacheka mpaka akakohoa. Ila mbwa wako anajua mno. Amelala hapa mtaani kwetu Malindi lakini anaona kama wewe uliyekaa ghorofani na miwani. Mimi nimefanya kazi ya mifugo miaka yote unayoijua, na tangu nistaafu kazi yangu ni kukaa barazani, na yule jike mwenye sikio lililochanika analala mbele yangu chini ya mkungu. Jana nilimtazama tangu alasiri mpaka baada ya magharibi, kwa ajili yako.

Umeandika kwamba alimtambua bibi kwa kanga yake nyekundu. Hapana. Mbwa anaona buluu na manjano. Nyekundu kwake inakuwa kama hudhurungi iliyofifia, haitofautiani sana na ukuta au majani makavu. Ule mtungi wa manjano wa mwenye duka ndio unaomrukia machoni. Tena haoni mbali kwa uwazi. Kitu unachokisoma vizuri ukiwa mita 23, yeye mpaka asogee mita 6. Mtu aliyesimama tuli ng'ambo ya barabara ni nguzo tu. Akiinua mkono, hapo ndipo anakuwa mtu, kwa sababu kinachotikisika anakiona upesi kuliko sisi, na giza likiingia anatushinda kabisa.

Basi bibi anamjua kwa nini? Kwa harufu, halafu kwa mwendo. Sasa ni kusi. Upepo unaingia mtaani kutoka upande wa pwani, na yule jike amechagua kulala mwisho wa kaskazini wa mtaa, uso ameuelekeza upepo unakotoka. Ilipokuwa kaskazi alikuwa akilala upande wa pili, kwenye ukuta wa madrasa. Mimi nilidhani anafuata kivuli. Kumbe anafuata habari. Mwenye samaki na baiskeli yake bado yuko nyuma ya kona, hajaonekana, kengele haijalia, na yule jike ameshainua kichwa. Kwanza pua inacheza, haraka haraka, kama mara tano kwa sekunde. Ukimkaribia (nimesema ukimkaribia, sikusema wewe umkaribie) utaona tundu za pua zina mwanya pembeni. Pumzi inayotoka hupita pale, ili isiisukume harufu iliyo mbele. Halafu masikio. Macho ndiyo ya mwisho. Wewe umeanza na macho kila ukurasa. Geuza.

Na harufu kwake ina saa ndani yake. Hajui kuwa saa kumi imefika, lakini mkojo wa dume wa gereji kwenye nguzo ya umeme, ulio mkali asubuhi, jioni umefifia, na harufu iliyo juu yake ni ya nani? Jana alisimama pale muda wa mimi kumaliza kikombe cha kahawa. Kwa hiyo anajua nani alipita, kabla au baada ya nani, labda na kama mgonjwa au ana joto. Hajui alikwenda kufanya nini. Hapo ndipo hadithi yako iishie, na hapo ndipo wewe unapoendelea kumpa mawazo ya mwanasheria.

Mahali penye adhana ndipo palipoudhi zaidi. Umesema alinyamaza kwa sababu alihisi utukufu wa sala. Mwanangu, yeye anasikia kipaza sauti kikikwaruza kabla muadhini hajafungua mdomo, kwa sababu masikio yake yanafika kwenye sauti nyembamba mara mbili ya tunazozisikia sisi. Kisha anasikia ndara zote zinakwenda upande mmoja. Mwenye viazi karai anafunika chombo, anapunguza moto, anaondoka. Muda mfupi hakuna mtu pale. Siku nyingi imekuwa hivyo, basi ile sauti kwake ni mlango uliofunguka. Alinyanyuka jana, akapita ukutani, akala vipande vilivyoanguka chini ya meza, akarudi kulala kabla ya ndara ya kwanza kurudi. Hiyo ndiyo hesabu yake: sauti, ndara, chakula. Iandike hivyo hivyo uone kama haipendezi kuliko utukufu.

Anajua pia kuinama. Mtoto akiinama, hata kufunga kamba ya kiatu, yule jike ameshafika ng'ambo. Mtaani kwetu anayeinama anaokota jiwe. Mbwa hasemi "huyu ni mwema, huyu ni mbaya". Anajua mgongo ukishuka na mkono ukigusa chini, jiwe linafuata. Sasa niambie wewe ulifanyaje huko Nairobi. Nakujua. Ulichuchumaa ili uone mtaa kwa kimo chake, ukamkazia macho, ukanyoosha simu. Kwake hiyo ni mtu aliyeshuka kama anaokota jiwe, akamtazama kwa ukali, akanyosha kitu. Na nyuma yake palikuwa na ukuta, au si kweli? Mbwa asiye na njia huuma.

Nakueleza haya, halafu usinigeuzie maneno ukasema "baba mwenyewe amesema aliogopa tu, si mgonjwa." Mwenye kichaa naye huuma, na siku za mwanzo hutamjua. Mate yanakuwa na ugonjwa kabla dalili hazijatoka. Baadaye ndipo sauti inapobadilika, inakwaruza, taya linalegea, hamezi, anauma hata mti. Mbwa mwenye kwake tungemfunga siku 10. Akipita hizo akiwa mzima, wakati anauma mate yake hayakuwa na kichaa. Wa kwako yuko wapi leo? Humjui. Basi hesabu ya siku 10 huna, una sindano. Na uliosha kidonda? Kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, si kupangusa. Kule kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni kwa najisi, kila mtu hapa analijua. Udongo usiutie kwenye jeraha. Kama ngozi ilichanika, waulize pia juu ya ile dawa nyingine inayochomwa kuzunguka kidonda. Ikipita siku ya 7 tangu sindano ya kwanza, haina faida tena.

Ukurasa wa tatu umemfanya mbwa anuse sumu kwenye nyama, aikatae. Futa. Ile iliyokuwa ikitumika haikuwa na harufu. Ni chungu, lakini mbwa koko hatafuni, anameza kabla mwingine hajafika. Nyama ilitupwa jioni, gari likapita kabla ya alfajiri. Ilikuwa amri ya ofisini, na mimi nilikuwa kijana. Uliwahi kuuliza yule mwenye mkia mweupe amekwenda wapi nikakwambia amehamia Watamu. Sijui kama uliamini. Na haikusaidia kitu: taka zilikuwepo, mbwa wa mitaa mingine wakaja kuzifuata, kichaa kikabaki. Kinachokizuia ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, kwa sababu wanazaana na kufa upesi. Tulikuja kulifanya hilo baadaye.

Huyu wa sikio nilimchanja mwenyewe, mwaka juzi, tulipoitwa sisi wazee kusaidia. Tulimnasa kwa wavu. Tangu siku hiyo mtaa mzima ananikwepa mimi tu. Muuza mkaa anampiga teke na bado analala miguuni pake. Mimi nikifungua mlango, upepo ukitoka kwangu kwenda kwake, anahama. Hata nikimtupia kichwa cha samaki, anangoja niingie ndani. Sindano moja ameikumbuka miaka miwili. Wewe una tano na unaniandikia "nimeshachomwa."

Usidhani sikufurahi. Yale maneno yako kuhusu joto la lami kwenye nyayo ni sahihi, na mimi sikukufundisha. Ungesoma mifugo ungekuwa mbali sasa, lakini haya, tumeshayamaliza hayo.

Nyumbani paa la jikoni linavuja pale pale, makuti ya kubadilisha yamepanda bei, kwa hiyo ile pesa uliyotuma imekwenda huko na si kwa daktari wa goti. Mamako ndiye aliyeamua, usinilaumu. Shangazi yako amehamia Barani na ameacha mbuzi wake wawili kwetu "kwa wiki moja", sasa ni ya tano. Wanakula kila kitu, wamekula na kalenda. Kakako anataka kununua tuktuk ya mkopo. Zungumza naye wewe, mimi hanisikii.

Mamako anauliza kama ile sufuria kubwa yenye mfuniko ulikwenda nayo. Anasema jibu tu, hatakugombeza.

Jumamosi ukitoka kliniki, piga picha ya kadi yako, ile yenye tarehe na muhuri, uitume kwa simu ya kakako. Si ujumbe wa maneno. Kadi.

Babako