Kuhusu ile simu ya Alhamisi

Nakuru, Jumapili jioni

Mama Tevin,

Salamu sana. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya usiku imewapa watoto kikohozi na mimi nimekuwa daktari wa tangawizi na asali. Baba Neema amefika Kericho na mzigo, kesho ataendelea kuja huko kwenu, kwa hiyo ukisikia honi usishtuke.

Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu utanikata kauli, nakujua. Ni hiyo sauti uliyonitumia, ukifanya mazoezi ya kujitambulisha kwa ile simu ya Alhamisi ya mahojiano ya kazi. Nimeisikiliza nikikoroga ugali, nikaisikiliza tena baada ya kula. Mama Tevin, umeanza Vihiga ulikozaliwa, ukapita kwa ndugu zako saba, ukasimama shule ya msingi, ukasimama sekondari, ukatuombea Mungu, na ulipofika stoo dakika mbili zilikuwa zimeisha. Yule dada atakayekupigia atakuwa ameshaangalia saa.

Unakumbuka ile kazi niliyofanya ofisi ya ajira kabla sijapata Neema? Ilikuwa hii hii ya kupiga simu. Mbele yangu nilikuwa na fomu: huyu anafanya kazi gani, miaka mingapi, anaishi wapi, anataka mshahara gani, anaweza kuanza lini. Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika mistari miwili au mitatu ya kumpelekea meneja, na meneja alikuwa akisoma hiyo tu. Nikikuambia 'hebu jieleze kidogo', kwa kweli nilikuwa nakuomba mistari hiyo. Mtu akinipa kwa utaratibu, nilinakili karibu maneno yake. Akinizungusha, niliandika nilichokisia, na makisio ya mtu aliyebakiwa na majina kumi ya kupigia hayawezi kukusaidia.

Jambo jingine: huyo anayekupigia si mtu wa stoo. Ukimwimbia majina ya vifaa hatakuelewa. Anaelewa cheo, miaka, ukubwa wa kazi, na kitu kimoja ulichokibadilisha.

Basi nimekaa nikakupangia. Isome kwa sauti:

'Naitwa' (jina lako). 'Mimi ni karani wa stoo, kazi niliyoifanya miaka sita, minne ya mwisho kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Tulikuwa watatu, tukipokea, kutoa na kuhesabu bidhaa kama 900. Nilianzisha hesabu ya kila Ijumaa kwa zile zinazotoka haraka, misumari, rangi na nyaya, badala ya kungoja mwisho wa mwaka, na tofauti kati ya daftari na rafu ikapungua. Duka lilifungwa Februari, na tangu hapo naweka hesabu za duka la shemeji yangu huku nikitafuta kazi. Nimeomba nafasi hii kwa sababu tangazo lenu linataka mtu wa kupokea mizigo ya malori, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kila asubuhi. Niko tayari kuhamia Nakuru.'

Ukisoma bila haraka haifiki dakika moja na nusu. Hiyo 900 nimeikisia, uweke ya kweli, maana meneja ataiuliza na yeye anajua stoo. Kama unajua tofauti ilipungua kutoka ngapi hadi ngapi, itaje. Kama hujui, sema ilipungua, unyamaze.

Sasa hili la Februari, ambalo najua ndilo linalokunyima usingizi. Ulisema bora ulipite kimya, labda hataona. Ataona. Wasifu wako uko wazi mbele yake wakati mnaongea, na tarehe ya mwisho ndiyo jicho linapoangukia kwanza. Usipoitaja wewe, atauliza yeye, na utajibu kwa ile sauti yako ya kujitetea. Ukiitaja mwenyewe katikati ya habari nyingine, sentensi moja, anaijaza kwenye fomu anaendelea. Ila iwe moja kweli! Ile kesi ya mdosi wako na nduguye, sijui nani alichukua lori la nani, isikutoke mdomoni. Duka lilifungwa, basi.

Ukishasema Nakuru, nyamaza. Hapa ndipo wengi walikuwa wakiharibu. Mtu amemaliza vizuri, anasikia kimya, anadhani hajaeleweka, anaanza upya na mara hii anarudi Vihiga. Kimya hicho ni mimi nikiandika! Mwache aandike. Akikuuliza 'Ijumaa mlikuwa mnahesabu vipi?', ujue ameshika. Akiuliza 'kwa hivyo kazi yako hasa ilikuwa gani?', ujue uliificha mahali, mrudie na ile sentensi ya 'Mimi ni karani wa stoo' peke yake.

Na akianza kwa kusema ana dakika chache tu, usiongeze kasi ukawa kama makanga wa Kondele. Toa ile sehemu ya kwa nini umeomba, hiyo ataiuliza akitaka. Baki na karani wa stoo, miaka sita, Ijumaa, Februari, kuhamia.

Atakuongelesha Kiingereza, hilo unalijua, mimi nimekupa mifupa tu. Usikariri neno kwa neno, kwa sababu likikuponyoka moja utakwama, na mtu anayesoma karatasi anasikika hata kwa simu. Andika maneno matano kwenye karatasi, stoo, sita, Ijumaa, Februari, Nakuru, uyaweke mbele yako.

Mshahara usiutaje kwenye kujitambulisha. Lakini atakuuliza, na watu wengi hutaja pesa zilizoingia mkononi, kumbe yeye anauliza kabla ya makato. Tafuta hati yako ya mshahara ya mwisho, uangalie kiasi kilichokuwepo kabla hawajatoa kodi, NSSF, SHA na ile ya nyumba. Ukitaja ya mkononi utakuwa umejipunguzia mwenyewe, na baadaye kurekebisha ni aibu.

Mama Shiku anasema ungeanza na maombi yako ya kawaida hata hivyo. Omba kabla ya simu, Mungu anasikia kimyakimya pia. Usimwambie nimesema hivyo.

Sasa nijibu haya, na usinitumie sauti ya dakika tano. Ni simu ya kawaida au ya video? Kama ni ya video, utatumia simu ya nani? Kama ni ya Tevin, jina lake litatokea kwenye skrini, kwa hiyo libadilishe mapema, asije yule dada akamsalimia kijana wa gredi ya nane. Saa nne asubuhi utakuwa wapi? Pale dukani kwa shemeji kuna ile redio, na yeye hajui kupunguza. Si uende kwa Mama Akinyi, chumba cha nyuma? Stakabadhi ya mshahara unayo au ilibaki dukani? Na ile ya Ijumaa, ni wewe kweli uliyeianzisha, au mlianzisha pamoja na yule kijana wa Siaya? Kama mlikuwa wawili, sema 'tulianzisha', haikupunguzii kitu.

Jumatano usiku nitakupigia, nitajifanya yule dada. Nitakuwa mkali.

Wako,
Mama Neema