Barua ya wazi kwa vijana wa biro: daftari la Idjwi na video ya kuaga

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wa biro, wa depo, na ninyi mlio ng'ambo ya ziwa kwenye vituo vya kupokea kahawa. Nimesikia kwamba wawili wenu wanahama kabla mvua za Septemba hazijaanza, na kwamba kila mmoja anataka kuacha neno la kwaheri ndani ya simu. Ni jambo zuri. Zamani mtu aliyehama alisimama kwenye sherehe ndogo, Fanta mkononi, akasema lake, basi. Wenzake wa Idjwi na Kalehe walisikia habari baada ya wiki mbili, naye ameshaondoka. Video inawafikia hao, na kwa ajili yao hasa naandika.

Mnajua nilikuwa fundi wa sauti redioni hapa Bukavu miaka 27 kabla ya kuingia kwenye kamati ya ushirika wetu. Ndiyo maana dada yenu wa hesabu, alipokuwa anajiandaa kuhamia Kalemie, alinijia na video yake ya kwanza akaniomba niisikilize. Alikubali niwasimulie tulivyoitengeneza upya. Nitawasimulia hiyo moja tu, kwa sababu makosa yake ya kwanza ndiyo yale yale niliyoyasikia kwa karibu kila mtu aliyeaga mbele ya maikrofoni yangu.

Video ile ilikuwa na dakika 11. Dakika saba za mwanzo zilikuwa majina. Alishukuru watu 34, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja neno "sana". Nilimuuliza, "Mama anayetufagilia biro yuko wapi?" Akanyamaza, akashika mdomo. Hakumsahau kwa dharau. Mama yule anafika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka kabla wengine hawajaingia, kwa hiyo uso wake haukumjia. Lakini ukisoma orodha ya majina, aliyeachwa hatasikia wale 34, atasikia tu kwamba yeye hayumo. Tukafuta orodha yote. Mahali pake akaweka kazi walizozifanya watu: waliopima kahawa jua likiwaka, waliovuka ziwa na mizani mabegani, aliyetufungulia biro safi kila asubuhi. Kila mmoja alijitambua, na hakuna aliyehesabu nafasi yake.

Kisha hadithi. Alikuwa na tano, zote nzuri, zote nusu nusu. Nikamwambia achague moja. Akachagua ile ya usiku wa matope.

Wengi wenu mlikuwepo. Ilikuwa Aprili, mvua ilipiga tangu mchana, na maji ya kilimani yakaingia depo yakiwa na udongo mwekundu. Madaftari ya wakulima yalikuwa chini, 61 kwa jumla, na ndani yake kilo za kila mkulima ambazo hazijalipwa. Mkasimama mstari kwenye ngazi, mkayapitisha mkono kwa mkono hadi biro ya juu. Mlangoni papa sentineli akakataa. Kitu hakitoki depo bila saini. Akafungua kitabu chake cha kutoka, akakifunika kwa mwavuli, yeye mwenyewe akabaki kwenye mvua, na dada yenu akatia saini mara 61. Asubuhi mkahesabu: 60. Lililokosekana lilikuwa la Idjwi. Kitabu cha papa ndicho kilichoonyesha mikono lililopitia, na saa mbili baadaye likapatikana garini, kavu kabisa. Wakulima wa Idjwi wakalipwa kilo zao.

Sikieni sasa alivyoisimulia kwanza. Alianza na mvua za mwaka ule, akaeleza mfereji ulivyoziba na nani alipaswa kuuzibua, akafika kwenye dereva "aliyesahau kama kawaida yake", akamaliza kwa kumwiga papa sentineli kwa sauti ya puani. Watu wangecheka. Lakini dereva ana mke na watoto, na video hiyo ingefika kwa shemeji zake kabla ya jua kuchwa. Utani wa uani unaisha mtu akinyanyuka kwenye kiti, ila wa simu unapelekwa Uvira na kurudi.

Hatukuondoa kicheko. Tulikihamisha. Jambo la kuchekesha pale lilikuwa mwavuli: mzee aliyelowa mpaka mifupani akikinga kitabu. Kicheko hicho kinaanza kwa kumshangaa papa na kinaishia kwa kumshukuru, maana bila ukaidi wake tusingelipata daftari. Mimi hupima utani wa kuaga hivi: baada ya watu kucheka, yule aliyetajwa amekuwa mkubwa au mdogo? Mfereji ulioziba ukaondoka, kwa sababu ni lawama na mahali pake ni kwenye kikao. Dereva naye akaondoka, kwa sababu hadithi inasimama bila kujua nani alisahau. Hata hivyo dada yenu alikwenda kwanza kumwomba papa ruhusa ya kumtaja. Papa akasema ndiyo, lakini isemwe kwamba mwavuli ulikuwa wa ushirika na aliurudisha.

Maneno ya dada yenu baada ya kurekebishwa, yale mliyoyasikia, yalianza hivi:

"Wapendwa, nimetia saini nyingi katika kazi hii, lakini 61 nilitia usiku mmoja, matope yakinifika kwenye mashavu ya miguu. Mbele yangu alisimama papa sentineli. Mvua ilimpiga yeye, kitabu chake kilikuwa chini ya mwavuli. Nilikasirika. Nilimwambia, papa, maji yanapanda! Akanijibu, hata maji yatie saini."

Oneni alivyoingia moja kwa moja. Hakujitambulisha, hakusema amekuja kuaga, kila mtu anajua. Nami nilimfanyia jaribio la zamani la redioni: alimsimulia hadithi hiyo jirani asiyefanya kazi kwetu. Jirani akiuliza "huyo ni nani?" zaidi ya mara moja, kuna kitu cha kufupisha au kueleza. Aliuliza mara moja tu, kwa nini madaftari yalikuwa na thamani hivyo, na ndipo tukaongeza sentensi moja kuhusu kilo za wakulima ambazo hazijalipwa.

Kuhusu urefu, nimepima wasomaji wengi kwa saa ya studio. Mtu akisema Kiswahili kwa utulivu, akipumua vizuri, anatumia maneno kama 100 kwa dakika, na mwenye uchungu moyoni hupungua hapo. Dada yenu aliandika maneno 270, ikatoka dakika mbili na sekunde 40. Inatosha kwa hadithi moja na shukrani. Tena wenzenu wa Idjwi wananunua megabaiti kwa pesa zao. Zile dakika 11 alizorekodi kwa ubora wa juu zilikaribia megabaiti 600, na hakuna mpima kahawa atakayezipakua. Kwenye mipangilio ya kamera chagueni 720p, na mwitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, itapunguzwa yenyewe. Itakayoonyeshwa ukutani biro ndiyo mtume kama faili, isipoteze uangavu, na hiyo mrekodi simu ikiwa imelazwa kwa ubavu.

Sasa sauti, na hapa mnivumilie, ndiyo kazi yangu. Mtu atasamehe picha yenye giza, ila sauti isiyosikika ataiacha baada ya sekunde kumi. Alirekodi mara ya kwanza ndani ya biro, kuta za saruji tupu na mabati juu, na sauti ikarudi kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mnajiuliza mpate wapi studio? Mnayo. Ni depo. Magunia yaliyojaa kahawa yanameza mwangwi kuliko blanketi zozote nilizowahi kupigilia ukutani. Alikaa katikati ya magunia, uso ukielekea mlango ulio wazi ili mwanga wa mchana umpige mbele, siyo mgongoni. Simu tuliiweka juu ya makreti, usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja, baada ya kufuta kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu. Simu ya pili, kinasa sauti kikiwa kimewashwa, ikalala kwenye gunia kifuani pake, shubiri moja kutoka mdomoni, mahali kamera haifiki. Kabla ya kusema alipiga kofi moja. Mlio wa kofi unasikika kwenye simu zote mbili, na ukiunganisha sauti ile safi na picha, unalinganisha makofi hayo mawili, yote yanakaa sawa. Jenereta ilizimwa. Simu ziliwekwa kwenye hali ya ndege, na Wi-Fi ikafungwa pia, kwa sababu simu ya WhatsApp inapita hapo na kukatiza kila kitu. Mvua ikianza, acheni. Juu ya mabati hakuna ujanja, subirini ipite.

Alilia, mtakumbuka. Ilikuwa kwenye neno "Idjwi". Nilimwambia asizime kamera. Anywe maji, anyamaze kidogo, kisha arudie sentensi nzima tangu mwanzo wake, asianzie katikati, ili mkato uwe na mahali safi pa kukaa. Alirudia mara tatu. Tukatumia ya tatu, ambayo sauti inatetemeka kidogo lakini kila neno linasikika.

Jambo moja nusura linipite, na nawasihi mliangalie kuliko yote. Kwenye video ya kwanza, nyuma ya bega lake, ukutani, ilionekana karatasi ya malipo yenye majina ya wakulima na kiasi cha kila mmoja. Pembeni yake, sanduku la pesa. Alikuwa pia ametaja siku atakayosafiri na mzigo wake, na njia. Msifanye hivyo. Simamisheni video, mtazame pembe zote nne za picha kabla ya kuituma, na safari itajwe mkishafika. Dada yenu alisema tu, "Mkiisikia hii, nitakuwa nafunga virago," na ilitosha.

Papa sentineli aliitazama mara mbili, akaomba apelekewe mwanawe aliye Kolwezi.

Basi ninyi wawili mnaoondoka, rekodini wiki moja kabla, siyo siku ya mwisho, siku hiyo mtakuwa na masanduku na machozi ya watu. Mimi niko nyumbani kila Jumamosi, njooni na maneno yaliyoandikwa, tutayapima kwa saa. Ufunguo wa depo uko kwa papa. Atawaomba saini.

Baba yenu wa kamati,
Bukavu