Mafuriko yamekula vitabu vya hesabu, na tarehe ya ritani inakaribia

Ndugu mshauri,

Nina duka la vipuri. Mafuriko yaliingia usiku, na kabati la chini lilikuwa na ankara zote za mwaka. Zimegandana kama tofali, na risiti za mashine zimebaki karatasi tupu. Mhasibu wangu amenikataza kuzitupa kabla hazijapigwa picha, maana ndizo ushahidi wenyewe.

Ritani ya kodi ya mapato inatakiwa kabla ya mwezi kwisha. Barua ya kuomba kuongezewa muda nimeiandika na nitaipeleka mapema, kwa sababu ombi linalofika baada ya tarehe husomwa kama utetezi wa aliyechelewa. Nimeambatisha picha, taarifa ya polisi na barua ya bima ya kupokea dai langu. Nimeeleza pia kila nyaraka inatoka wapi na itachukua muda gani: benki inatoa taarifa ya akaunti, wauzaji wa jumla wanarudufu ankara zao. Sikutaka kuandika tu "naomba muda zaidi."

Kinachonikosesha usingizi ni mzigo ulioharibika. Mhasibu anaukadiria hivi: tuseme mauzo ya mwaka, kama yanavyoonekana benki, ni 100. Ritani zilizopita zinaonyesha faida ghafi ya 25, kwa hiyo mali iliyouzwa ilinigharimu 75. Nilianza mwaka na mzigo wa 40, nao umeandikwa kwenye ritani ya mwaka jana, nikanunua wa 90. Jumla ni 130. Ukitoa 75, dukani palipaswa kuwa na 55. Tumehesabu uliosalimika, ni 15. Hasara ni 40.

Hesabu imenyooka, ila inategemea ankara za ununuzi ambazo bado sijazipata zote. Pia si mauzo yote ya taslimu yaliyopitia benki. Wakati huohuo bima wanataka tarakimu ya hasara sasa hivi. Nikiwapa 40 leo, kisha ritani ikaja na 30, si nitaulizwa ni wapi nilidanganya?

Mdogo wangu, ambaye ni mbia wangu, anasema: "Kaka, tupeleke ritani ya makadirio, tutairekebisha baadaye." Mhasibu hataki. Anasema ritani huwekewa saini kwamba ni ya kweli. Ananikumbusha pia kwamba kwa kawaida muda wa kuwasilisha ukiongezwa, muda wa kulipa hauongezwi, na riba inaendelea kutembea.

Naomba mnishauri. Nilipe kodi ya makadirio kwa tarehe ileile huku nikisubiri jibu la ombi, na kama ndiyo, niikadirie kabla au baada ya kutoa hasara hiyo? Bima niwaandikie kwamba tarakimu ni ya awali, au niwaombe nao wasubiri? Na ombi likikataliwa siku ya mwisho, nipeleke ritani ya makadirio yenye maelezo ya mafuriko, au nichelewe nipigwe faini?

Wenu,
Mwenye duka la vipuri