Mapambo ya Idi na watoto watatu

Shoga yangu Salma,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, mfungo unakwenda vizuri, joto tu ndilo linatutoa jasho. Ujumbe wako nimeusoma. Unataka Nasra, Twalib na Rukia washiriki kupamba sebule kwa Idi, lakini unaogopa utaishia kukimbiza mmoja mwenye mkasi na mwingine mwenye kitu mdomoni. Hofu hiyo ninayo kila muhula darasani kwangu chekechea, kwa hiyo nitakueleza ninavyopanga mimi.

Usiwape mapambo matatu tofauti. Wape pambo moja linalopita mikononi mwa wote, kila mmoja kwa zamu yake. Mnyororo wa karatasi unafaa kuliko vyote. Rukia atie rangi, Nasra apige mistari, Twalib akate na kugandisha, wewe utundike. Na usiwakalishe meza moja wakati mmoja, maana mkasi wa mtoto wa miaka mitano ukiwa mezani, mtoto wa miaka miwili ataufuata huohuo.

Anza na Rukia, asubuhi, wakati wewe mwenyewe bado una nguvu ya daku. Miaka miwili mkono unajua kushika kwa ngumi na kugonga, basi mpe kazi ya kugonga. Chukua bamia nene lililokomaa kidogo, likate kwa upana ukiacha upande wa kikonyo uwe mrefu, hicho ndicho kishikio chake. Sehemu iliyokatwa ina umbo kama nyota yenye pembe tano, Idi yenyewe hiyo. Lilaze kifudifudi kwenye kitambaa dakika chache, ule mlenda upungue, la sivyo rangi itateleza na nyota itageuka doa. Rangi usimwagie kwenye sahani ikajaa. Kunja kitambaa cha zamani mara nne, kiweke kwenye sahani, kilowane rangi, yeye agonge pale kisha agonge kwenye karatasi.

Rangi ni ile ya chakula ukiichanganya na gundi ya unga, kwa sababu Rukia ataionja, hilo ulichukulie kama limeshatokea. Manjano ya jikoni pia yanafaa, ila hayatoki kwenye nguo, mvue gauni kabisa. Kaa naye, awe ameketi, na vipande vya bamia vilivyobaki viondoke mezani, kwani akikimega akiwa anacheka kinaweza kumkaba. Hamu yake itadumu kama dakika kumi. Akianza kuchovya viganja, mruhusu apige viganja viwili vitatu kwenye karatasi ya mwisho, mfunge kazi, mkaoge. Karatasi zianikwe mpaka zikauke kabisa, na kwa unyevu wetu wa pwani ni heri zilale usiku.

Gundi unaipika wewe, watoto wakiwa mbali na jiko. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kikoroge na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabuje yaishe, ukimimine kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku unakoroga. Dakika tatu hadi tano kinakuwa kama uji mzito na ule weupe unafifia. Tia kijiko cha chumvi, kinachelewesha kuvunda. Usiwape unga mbichi uliokorogwa na maji tu, ingawa unanata. Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na hawa vidole vyao viko mdomoni. Ikipoa, jaribu kwa kidole chako kwanza. Kwa joto letu haifiki siku mbili nje. Ikinuka uchachu, mwaga, pika nyingine.

Sasa mistari. Nasra ana miaka tisa, rula anaijua. Mwambie apige mistari ya upana wa sentimita 3 kwenye karatasi za A4, mistari iende sambamba na ule upande mfupi ili kila utepe uwe na urefu wa sentimita 21. Karatasi moja itatoa tepe tisa. Kila utepe ukifungwa unakuwa pete ya kama sentimita 6, kwa hiyo ukuta wa mita 4 unataka pete 80 hivi, mnyororo uning'inie kidogo katikati. Karatasi tisa zinatosha. Hesabu hiyo usimfanyie. Mpe mita ya kushonea, apime ukuta, aje akwambie mwenyewe karatasi ngapi. Mistari apige kwa makapeni nene, maana anayekata ni mdogo wake, na mtoto wa miaka mitano akiona mstari mwembamba anaupoteza njiani.

Twalib akate mchana Rukia akilala. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchanja ukingo wa karatasi tu. Wa minne anaanza kufuata mstari ulionyooka. Wa mitano, wengi wao, anaumaliza. Nasema wengi, kwa sababu umri wa cheti na umri wa mkono haviendi pamoja kila mara. Mtazame anavyoshika. Dole gumba liwe juu, kiwiko kiwe karibu na ubavu, na mkono wa pili ndio unaosogeza karatasi. Ukiona kiwiko kinapaa na karatasi inakunjwa badala ya kukatika, mkasi hauendani naye au amechoka, mpe apumzike. Tena usimnunulie ule wa plastiki tupu. Haukati, atakasirika aanze kulazimisha, na kulazimisha ndiko kunakoleta ajali. Tafuta wenye makali ya chuma na ncha butu. Sheria ya darasani kwangu ni moja: mkasi hausimami na mtu. Ukitaka kunyanyuka, unauacha mezani umefungwa.

Tepe zikipinda, ziache hivyo. Najua mkono wako, Salma, utataka kuzinyoosha akilala. Pete iliyopinda ikiwa katikati ya themanini haionekani, ila yeye atajua kwamba imebadilishwa.

Kugandisha nako ni kwake. Apake gundi kwa kidole kwenye sentimita 2 za mwisho wa utepe, apitishe ndani ya pete iliyotangulia, afunge, kisha abane kwa kibanio cha nguo. Watu wengi wanaruka kibanio, halafu wanashangaa pete zinafunguka. Gundi ya unga haishiki papo hapo. Ina haja ya kubanwa mpaka ipoteze maji, na mtoto hawezi kushika kwa vidole muda wote huo. Vibanio kumi vinatosha kuzunguka. Ukiona amepaka mpaka karatasi imelowa na kuwa laini, pale ndipo mnyororo utakatikia ukitundikwa, mwambie akate utepe mwingine. Stepla usiitoe kabisa. Pini zake zinaanguka kwenye mkeka, na anayetambaa chini kuziokota unamjua.

Nasra atabaki na kazi mbili. Ya kwanza ni hilali. Achore duara kwa kisahani cha kikombe kwenye manila, kisha aweke bilauri yenye mdomo mdogo kidogo ndani ya duara, imeegemea upande mmoja, achore tena. Kinachobaki akikikata ni mwezi mwandamo safi. Kwa mkunjo wa manila mkasi wa kawaida anauweza. Kisu cha kukatia karatasi, kile cha kusukuma wembe, hapana, hata akikuomba vipi.

Ya pili ni kuamua mnyororo upite wapi, na hii mimi naiona kubwa kuliko ya mkasi. Mpe masharti matatu atembee nayo chumbani. Usipite karibu na pangaboi, kwa sababu upepo unauvuta mpaka unajifunga kwenye mapanga. Usipite juu ya mahali unapoweka chetezo, maana siku ya Idi utafukiza udi na makaa yatakuwa mekundu chini ya karatasi kavu. Na pasiwe na ncha wala kamba inayoning'inia mahali Rukia anapofika, hata akipanda kochi. Kamba shingoni mwa mtoto mdogo ni hatari ya kimyakimya. Akikuletea mchoro wake, ufuate. Ila kupanda ni kwako. Asisimame kwenye kiti cha plastiki juu ya marumaru, kinateleza miguu. Yeye ashike mnyororo chini na kukwambia kushoto, kulia. Ufunge katikati pia, si ncha mbili tu, uzito usiangukie pete za mwanzo.

Kuna vitu viwili umeniuliza ambavyo mimi ningeviacha dukani mwaka huu. Maputo, kwanza. Kipande cha puto lililopasuka kinaziba koo la mtoto kikakataa kutoka kwa sababu kinanata, na onyo linalochapishwa kwenye pakiti nyingi linataja watoto chini ya miaka minane, maana yake hata Twalib yumo. Shemeji aking'ang'ania, apulize yeye, yatundikwe juu, na likipasuka kila kipande kiokotwe kabla ya mtu kuendelea na mazungumzo.

Pili, vile vitaa vya kumetameta vyenye betri bapa kama kitufe cha koti. Vingi vya bei rahisi kifuniko chake hakina skrubu, kinafunguka kwa ukucha. Betri ile ikikwama kooni inaunguza ndani kwa ndani, na ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeleta jeraha kubwa. Mtoto aweza tu kudondosha mate, kukataa chakula, kukohoa, ukadhani ni mafua. Ukihisi kameza, usimtapishe, usingoje kuona, ni hospitali muda uleule. Kwa vitu vingine vyote vidogo, chukua ule mrija wa boksi unaobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kinachopita ndani yake hakikai chumba kimoja na Rukia.

Anzeni tarehe 25 hivi ya mfungo, siku moja ya kugonga nyota, moja ya kukata, moja ya kugandisha. Msingoje mwezi uandame, usiku ule una maandazi na pilau yake. Nasra kama anafunga, mwachie kazi zake baada ya futari, mchana kichwa hakitulii kwenye rula.

Ukibakiwa na gundi, Twalib abandike nayo kadi za kupeleka kwa bibi yake. Nitumie picha ya ukuta, na bei za manila huko Tanga, hapa zimepanda. Nisalimie shemeji na uwabusu wanangu.

Wako,
Mwanaidi