Kuhusu yule jirani yako

Shoga yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama utakuwa umekosea ukimpokea kwa ushauri nasaha jirani yako, ambaye mumewe ni binamu wa mume wako, na huku mshauri mwingine yuko mbali.

Kwanza nikutoe hofu moja. Kujuana na mteja peke yake si kosa. Hata kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, zile za 2002, zinasema kwamba uhusiano wa ziada na mteja si ukiukaji kama hautarajiwi kuharibu kazi yako, kumnyonya wala kumdhuru. Mahali padogo kila mtu unamjua, kwa hiyo hilo halisaidii kuamua. Jiulize mawili: nilichokisikia chumbani kitatoka nje? Na ninachokijua kutoka nje kitaingia chumbani? La kwanza nimelichunga miaka yote. La pili ndilo lililoniumbua.

Nilimpokea mama mmoja ambaye tunakutana kwenye kila msiba na kila harusi. Shida yake ilikuwa usingizi. Tulipofika kikao cha nne hivi, wifi yangu akaja kunimwagia umbea, eti mume wa mama yule ana mtoto nje. Sikumuuliza, ila masikio hayana pazia. Siku tano baadaye mama akakaa mbele yangu, akaanza kueleza mumewe anavyochelewa kurudi, nami nikajikuta nauliza, "Na pesa za matumizi, hazijapungua?"

Ukilisikia, ni swali la kawaida kabisa. Lakini yeye alikuwa hajataja pesa hata siku moja. Akaacha kuchezea ncha ya mtandio, akanikazia macho. "Umesikia nini?"

Nikisema sijasikia kitu, nadanganya. Nikisema nimesikia, nampelekea umbea ukiwa umevaa koti la tiba. Nilimwambia kwamba swali lile halikutokana na maneno yake, kwamba nimekosea kulileta, na kwamba ya watu siwezi kuyathibitisha wala kuyakanusha. Alirudi mara moja tu, kisha basi. Msimamizi wangu, ambaye anaishi mbali na hajui mtu yeyote hapa, hakunilaumu sana kwa swali. Alinilaumu kwa kukaa na umbea ule siku tano bila kumpigia simu.

Tangu hapo, kabla ya kila kikao nasoma nilichoandika kikao kilichopita, na nikihisi swali linanitoka ambalo halina mzizi mle ndani, nalimeza. Ya nje siyaandiki kwenye faili la mteja. Nayapeleka kwa msimamizi, bila jina. Na siku ya kwanza kabisa, kabla mtu hajafungua moyo, tunapatana: tukikutana njiani yeye ndiye ataanza salamu, akitaka, habari za kikao hatuzungumzi ukutani kwa jirani, zitasubiri siku yake, na nikisikia jambo lake kwa watu sitalileta, mpaka alilete mwenyewe. Nayaandika hayo, naye anayaona.

Kuna hili pia, ambalo watu hulisahau. Ndugu wakikuuliza "fulani anaendeleaje?", jibu liwe lile lile kwa kila mtu, hata kwa asiyekuja kwako. Ukisema "hayo sizungumzi" kwa wateja tu, umeshawataja.

Sasa huyu wako. Mimi ningekuwa wewe nisingemchukua. Si kwa sababu ya ujirani, hilo lingepangika. Ni kwa sababu tatizo lake ni ndoa, na huyo mume anakaa sebuleni kwako kila wiki. Utamkaribisha kwa uso gani ukishayasikia ya mkewe? Na yeye mke atakuwa akipima maneno, asije akakuudhi shemeji. Dalili utaziona: vikao vinavutwa nusu saa zaidi, kuna jambo moja mnalizunguka wote wawili, nawe unaanza kukwepa shughuli za ukoo.

Lakini usimfungie mlango. Mpe kikao kimoja. Muulize waziwazi kama anapigwa au anaogopa kurudi nyumbani. Kama ndiyo, mambo ya ukaribu yanakaa pembeni, mnapanga usalama wake kwanza. Kama sivyo, mwambie kwamba ukaribu wenu utamnyima uhuru wa kusema, kisha umpe mshauri wa kuzungumza naye kwa simu, na umpigie mshauri huyo wewe mwenyewe akiwa hapo, kwa ridhaa yake. Uamuzi wako na sababu zake uandike siku hiyo hiyo.

Nijulishe ukishampa jibu. Ila barua ijayo usimtaje jina. Lile uliloliandika nimelifuta kwa wino.

Ni mimi, mwenzako wa darasani