Barua ya wazi: Mheshimiwa, gawanya kwanza kwa idadi ya watu

Mheshimiwa,

Yah: Orodha ya ajali uliyotusomea mkutanoni

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeshika kalamu Jumamosi hii kwa sababu Alhamisi jioni mtoto mwingine amegongwa na lori pale karibu na shule ya msingi, mahali pale pale ulipoahidi mwezi wa kwanza kwamba tungewekewa matuta na kivuko cha pundamilia. Namshukuru Mungu yuko hai. Nyonga imevunjika. Kiatu chake kimoja kilibaki katikati ya barabara mpaka mama muuza maandazi alipokwenda kukiokota, huku magari yakimpigia honi.

Wiki tatu kabla ya hapo ulisimama mbele yetu ukatusomea orodha ya mikoa kwa wingi wa vifo vya ajali. Dar es Salaam juu, sisi chini kabisa ya ukurasa. Ukasema tushukuru, mkoa wetu ni salama, na kwamba fedha za alama na matuta lazima ziende kwanza kwenye ajali nyingi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku ile sijalala vizuri.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa hisabati. Orodha uliyosoma haikuonyesha wapi kuna hatari. Ilionyesha wapi kuna watu wengi.

Nakala ya ripoti hatukupewa, kwa hiyo sitataja namba zake. Nitatumia vifo vya mfano, lakini idadi ya watu nitaichukua kwenye Sensa ya 2022. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728. Iringa, mkoa ambao kwa ukubwa unakaribiana na wetu, ilikuwa na watu 1,192,728. Tuseme katika mwaka mmoja Dar wamekufa barabarani watu 300 na Iringa 120. Ukisoma hivyo tu, Dar ndiko kwenye msiba. Sasa hesabu zile laki. Dar ina laki 53.8, Iringa ina laki 11.9. Gawanya 300 kwa 53.8 upate vifo 5.6 kwa kila watu laki moja. Gawanya 120 kwa 11.9 upate 10. Mkazi wa mkoa ule wa chini ya ukurasa ana hatari inayokaribia mara mbili ya mkazi wa Dar. Kama barabara za Iringa zingekuwa na kiwango cha Dar, katika mfano huu wangekufa kama watu 67. Hao 53 waliozidi ndio orodha yako imewaficha, na ndio wanaonyimwa matuta.

Hesabu hii wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili wanaifanya kabla kengele haijagonga. Siamini kwamba ofisini kwako hakuna anayeiweza. Nadhani hakuna aliyeombwa kuifanya.

Naomba tu mtakapoifanya muwe waangalifu na mipaka, kwa maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kinondoni ni mfano mzuri. Manispaa ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni. Sensa ya 2022 inaipa Kinondoni watu 982,328 na Ubungo watu 1,086,912. Ikiwa hesabu ya ajali bado inakusanywa kwa mipaka ile ya zamani, halafu karani akagawanya kwa watu wa Kinondoni peke yao, ajali za watu milioni mbili zitabebeshwa watu chini ya milioni moja. Vifo 100 vitatoka 10.2 kwa kila laki, wakati ukweli ni 4.8. Juu ya mstari na chini ya mstari lazima pawe na eneo lile lile na mwaka ule ule. Kiwango kikiruka mara mbili kwa ghafla, kabla ya kulaumu madereva, angalieni kwanza ramani.

Najua utakachonijibu. Utasema barabara kuu inapita kwetu, malori ya Zambia na Kongo yanapita kwetu, na mabasi yanayoanguka yamejaa abiria wa mikoa mingine, kwa hiyo kuwagawanya kwa wakazi wetu ni kutuonea. Ni kweli, na basi moja likipinduka linaweza kupandisha kiwango cha mkoa mdogo kwa mwaka mzima. Basi tumieni wastani wa miaka mitano, ili mwaka mmoja mbaya au mzuri usiwadanganye. Tena watengeni waenda kwa miguu. Wanaogongwa wakivuka kwenda shule, kisimani na sokoni kwa kawaida ni watu wa hapa hapa. Kwa hao, kugawanya kwa wakazi ni haki kabisa. Ajali za mabasi na malori zipimeni kwa wingi wa magari yanayopita na urefu wa barabara.

Kuna jambo jingine, na hili ni la nyumbani kwangu. Mdogo wangu aligongwa na pikipiki mwaka juzi, akilisukuma toroli la maji. Alilazwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu tulimzika. Nilipofuatilia karatasi za fidia nikakuta ameandikwa majeruhi, na majeruhi amebaki mpaka leo. Nimekwenda mara nne na cheti cha kifo mkononi. Mara ya mwisho niliambiwa faili limeshafungwa. Kipimo kinachotumika kimataifa kinamhesabu kuwa amekufa kwa ajali mtu yeyote anayefariki ndani ya siku 30 kwa majeraha ya ajali ile. Mdogo wangu yumo ndani ya siku hizo, lakini kwenye orodha uliyotusomea nina hakika hayumo.

Wala si yeye peke yake. Kwa mwaka 2016 vifo vilivyoripotiwa nchini vilikuwa 3,256. Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 16,000, yaani kama 29 kwa kila watu laki moja. Tofauti hiyo sidhani kama inatokana na uongo wa mtu. Nafikiri sehemu kubwa ni watu kama mdogo wangu, waliotoka barabarani wakiwa hai wakafia wodini, na wodi na kituo cha polisi havikuambiana. Na pale ambapo hospitali iko mbali, nahofia ndipo wengi zaidi wanapopotea kwenye daftari. Hapo hata kugawanya hakutoshi, maana namba ya juu yenyewe ina pengo.

Mheshimiwa, sikuombi fedha za Dar. Watoto wa Temeke nao wanavuka barabara. Ninachoomba ni safu moja tu iongezwe kwenye jedwali: vifo kwa kila watu laki moja, wastani wa miaka mitano, waenda kwa miguu wakiwa peke yao. Iongezwe kabla ya kikao cha kugawa fedha, na jedwali libandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ili sisi nasi tuligawanye upya wenyewe. Ukikosa mtu wa kuifanya, niite. Nitakuja na daftari langu, saa yoyote baada ya vipindi, bila posho.

Na lile tuta la pale shuleni, Mheshimiwa. Uliahidi mwezi wa kwanza. Mawe yalimwagwa, na bado yako pale pembeni ya barabara. Watoto wanayakalia wakisubiri magari yapungue wavuke.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati, shule ya sekondari ya kata